Namba ya katikati ndiyo inakula pesa ya mkulima

Wacha niseme mapema: sina shida na mizani ya kiwanda. Shida yangu ni ile tabia ya kumtumia mkulima picha ya tiketi iliyokatwa nusu, halafu anaambiwa "tani zako ni hizi, pesa iko kwa simu." Nimekasirika, na nitawaambia kwa nini, lakini kwanza tupige hesabu.

Shangazi yangu ako na miwa upande wa Kakamega. Juzi aliuza trela moja kupitia mnunuzi wa kati, yule anayekusanya miwa ya wakulima wadogo na kuipeleka kiwandani. Jioni M-Pesa ikaingia: shilingi 45,092. Akanipigia. "Baba, hii trela ilikuwa imejaa mpaka miwa inaburuta chini. Angalia hii karatasi uniambie kama wamenihesabu vizuri." Akanitumia picha mbili kwa WhatsApp, moja ya tiketi ya mizani na nyingine ya karatasi ya malipo.

Kwa wale hawajawahi kuona hizi tiketi, ziko na mistari mitatu ya maana. GROSS ni uzito wa kila kitu: trekta, trela, miwa, dizeli, hata dereva kama hajashuka. TARE ni uzito wa trekta na trela zikiwa tupu, zinapimwa zikitoka kumwaga. NET ni ukitoa ya pili kwa ya kwanza, na hiyo ndiyo miwa yako. Bei ya miwa inahesabiwa kwa tani na mizani inaandika kilo, kwa hivyo unagawa kwa 1,000 kabla ya kuzidisha na bei. Ni hayo tu. Mtoto wa darasa la tano anaweza.

Sasa picha yenyewe. Imepigwa kwa pembe, kwa kivuli, na kidole gumba cha mtu kimekaa juu ya mstari wa NET. Wino wa printa ulikuwa umefifia. GROSS ilisomeka 16,84 halafu kitu kama 0 au 8. TARE ilikuwa 960 mwisho, lakini ile tarakimu ya mbele ungeweza kuapa ni 5, mwingine aape ni 6.

Ile ya GROSS haikunisumbua. Mizani ya magari haihesabu kilo moja moja. Inaruka kwa vipimo, nyingi kwa kilo 20, zingine kwa 10. Nikiangalia tiketi zingine za shangazi za mizani hiyo hiyo, kila namba inagawanyika kwa 20. Kwa hivyo 16,848 haiwezi kutoka hapo. Ni 16,840, basi. Hii shika, kwa sababu ukiona tiketi imeandikwa kwa kalamu kitu kama 16,837 kutoka mizani inayoruka kwa 20, hiyo namba haikutoka kwa mashine.

Ya TARE ndiyo vita. Kama ni 6,960, miwa ni kilo 9,880. Kama ni 5,960, miwa ni kilo 10,880. Bei waliyokubaliana ni shilingi 5,500 kwa tani. Ya kwanza inaleta 9.88 mara 5,500, yaani 54,340. Ya pili inaleta 10.88 mara 5,500, yaani 59,840. Tani moja nzima, shilingi 5,500, imekaa ndani ya tarakimu moja yenye wino mbaya. Karatasi ya malipo ilikuwa imechukua 9.88. Surprise? Hapana.

Lakini sikutaka kupiga kelele bila ushahidi, maana trekta na trela za namna hiyo zinaweza kuwa tani sita kasoro na zinaweza kuwa karibu saba. Zote mbili zinaingia akilini. Ukiingia kwa ofisi ya mtu na "nadhani hii ni tano," watakucheka.

Kwa hivyo nikamuuliza shangazi kama ako na tiketi za zamani. Shangazi hatupi karatasi, ziko kwa bati la mafuta ya kupikia tangu enzi. Tukapata mbili za trekta hiyo hiyo na trela hiyo hiyo. Angalia namba zote mbili: trekta inaanza na KT, trela ina namba yake inayoanza na Z, na trekta ikibadilishiwa trela, TARE ya zamani haikusaidii. Tiketi ya kwanza TARE ilikuwa 5,940. Ya pili 5,980.

Fikiria hiyo. Chuma haikui. Trekta tupu inabadilika uzito kwa vitu vidogo: dizeli lita 60 ni kama kilo 50 hivi, matope kwa magurudumu siku ya mvua, dereva ameshuka au hajashuka. Hizo ni makumi ya kilo, mvua ikiwa mbaya sana tuseme mia na kitu. Haiongezi kilo elfu moja kati ya wiki moja na nyingine. Kwa hivyo 5,960 inakaa katikati ya ndugu zake, na 6,960 ni mgeni.

Hapo tayari nilikuwa nimeridhika. Halafu nikaona kitu kwa ile karatasi ya malipo kikanifanya nisimame kwa kiti.

Kulikuwa na makato ya usafiri: shilingi 9,248. Shangazi alikuwa amekubali 850 kwa tani. Gawa 9,248 kwa 850. Unapata 10.88.

Soma tena polepole. Walipomlipa miwa, tani zilikuwa 9.88. Walipomkata usafiri, tani zilikuwa 10.88. Miwa ile ile, trela ile ile, siku ile ile. Yaani 54,340 toa 9,248, ndiyo ile 45,092 iliyoingia kwa simu. Hesabu ya ukweli ni 59,840 toa 9,248, inabaki 50,592.

Sitasema ni wizi. Inawezekana aliyejaza safu ya usafiri alikuwa na tiketi yenyewe mkononi na aliyejaza safu ya miwa alikuwa anasoma picha kwa simu kama mimi. Lakini makosa ya aina hii yana namna ya kuangukia upande mmoja, na mimi nimechoka kuita hiyo bahati mbaya.

Shangazi alienda asubuhi iliyofuata na tiketi zake mbili za bati. Nilimwambia asianze na maneno ya "mmeniibia." Aanze na makato. Awaulize swali moja tu: "Mlinibebea tani ngapi?" Karani akaangalia safu ya usafiri, akasema kumi nukta nane nane. "Basi mbona mmenilipa tisa?" Kimya. Wakapiga simu kwa mizani, wakatumiwa nakala mpya ya tiketi, maana kompyuta ya mizani inaweka kila kipimo na namba ya tiketi. TARE 5,960. Zile 5,500 ziliingia kesho yake saa nne.

Sasa kuna mtu atakuja kuniambia wakulima wahesabu mafungu shambani wajue uzito wao. Wacha hizo. Fungu la miwa iliyokatwa leo na fungu lililolala siku tatu kwa jua hayana uzito sawa, na hakuna mnunuzi atakulipa kwa mafungu. Hesabu mafungu ujue kama trela imejaa kawaida, sawa, lakini pesa iko kwa tiketi, na kwa tiketi vita viko kwa TARE.

Kwa nini TARE? Kwa sababu kila kitu kinachoongezeka hapo kinatolewa kwa miwa yako. GROSS inapimwa trela ikiwa imejaa, watu wote wanaangalia. TARE inapimwa saa ile mkulima ameshaenda zake. Kama tanboi wawili walishuka wakati wa kupima mzigo na wakapanda wakati wa kupima tupu, umelipia uzito wao, kilo mia na arobaini hivi. Kama trela haikumwagwa vizuri na miwa imebaki imekwama chini ya minyororo, hiyo miwa yako imegeuka kuwa chuma ya trela. Na kuna ile mbaya zaidi: trekta haipimwi tupu kabisa, karani anaingiza TARE iliyohifadhiwa kwa kompyuta tangu mwaka jana. Kama tangu hapo mwenye trela ametoa gurudumu la akiba au amepunguza nguzo za pembeni, trela sasa ni nyepesi kuliko namba iliyoandikwa, na ile tofauti unailipa wewe kila safari. (Akiongeza chuma, faida inakuja kwako. Sijawahi kusikia mtu akilalamikia hiyo.)

Utajuaje kama ni TARE iliyohifadhiwa? Angalia saa. Tiketi nzuri ina saa mbili, ya kuingia na ya kutoka, na katikati kuna muda wa kumwaga. Kama kuna saa moja tu, au TARE ni ile ile kabisa, 5,960, 5,960, 5,960, safari tano mfululizo kukinyesha na kukikauka, hiyo haijapimwa. Uliza. Mizani ya biashara iko chini ya Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura 513, na inakaguliwa na kupigwa muhuri na maofisa wa vipimo, kwa hivyo swali lako sio ukorofi. Lakini jua muhuri unasema mashine inapima sawa. Hausemi karani alipima trela tupu.

Msimamo wangu basi ni huu, na mnunuzi yeyote aliye hapa anijibu: meseji ya malipo iandikwe GROSS, TARE na namba ya tiketi, sio tani peke yake. Haigharimu kitu. Na picha ipigwe karatasi ikiwa imelala chini, simu juu yake wima, pembe nne zote zionekane, vidole mbali. Mkulima akitumiwa picha yenye kidole kwa NET, airudishe hapo hapo, trekta ikiwa bado iko kwa yadi.

Shangazi sasa amenunua faili. Lile bati amerudishia mafuta, na jana amenitumia tiketi zingine mbili za mwezi wa tatu. Moja ina saa moja tu. Tunaianza kesho.