Bahasha ya Kiolezo Isomwe Kabla ya Mkasi Kushikwa

Watu wengi hununua kiolezo cha nguo kwa uzuri wa picha iliyo mbele ya bahasha, kumbe maneno yenye faida yako nyuma. Mfano ni mwanamke wa Mwabungo atakaye kujishonea gauni lenye mikono.

Jambo la kwanza ni saizi. Asifuate nambari ya magauni ya dukani, kwani hesabu ya violezo ni nyingine. Ajipime kwa utepe, kisha alitazame jedwali. Ikiwa kifua chake ni inchi 36, kiuno 28 na nyonga 38, violezo vingi vya Kimarekani vitamweka katika saizi 14.

Jambo la pili ni kiasi cha kitambaa. Tuseme jedwali laonyesha kuwa saizi 14 yataka yadi 3 za kitambaa chenye upana wa inchi 45, au yadi 2 na robo za kile chenye inchi 60. Afikapo dukani Ukunda, na aupime upana kwanza. Akinunua yadi 2 na robo za kitambaa cha inchi 45, atapungukiwa na robo tatu ya yadi, na aghalabu atagundua hayo mikono ikiwa bado haijakatwa.

Akiisha kuikunjua karatasi, ataona mistari ya saizi kadhaa imefuatana. Aupitishie kalamu ya rangi mstari wa saizi yake, asije akahamia wa jirani. Mshale mrefu ulionyoka lazima ulale sambamba na ukingo wa kitambaa, ule usiofumuka. Apime kutoka kila ncha ya mshale hadi ukingoni; vipimo vikitofautiana, gauni litapinda likivaliwa. Mshale uliopindwa ncha zote mbili kuelekea ukingo wa kipande una maana nyingine: ukingo huo huwekwa juu ya kunjo la kitambaa, wala haukatwi.

Pembetatu ndogo zilizo kandoni ndizo zionyeshazo vipande vikutanapo. Kwa desturi, katika mkono wa nguo, pembetatu moja ni upande wa mbele na mbili ni upande wa nyuma. Asizikate kuingia ndani, bali aziache zitokeze nje, ili asiudhoofishe mshono. Mikono ikibadilishana, nguo huvuta begani na kufanya makunyanzi.

Mwisho, asome kama nafasi ya mshono imekwisha kutiwa. Mara nyingi imo, nayo ni inchi 5/8. Akiiongeza tena katika mishono miwili ya ubavuni, gauni litazidi kwa inchi 2 na nusu kuzunguka mwili. Hilo hupunguzika, lakini kitambaa kilichokatwa kidogo ni kama maji yaliyomwagika, hayazoleki.