Kinyama cha figo: wanachukua uzi, figo inabaki

Daktari akisema "tunataka kuchukua kinyama cha figo", wengi husikia neno moja tu: figo. Mgonjwa anarudi nyumbani Tarime au Mugumu, anakaa na wakubwa wa ukoo, na kabla ya jioni imeshaamuliwa kwamba Mwanza wanataka kumtoa figo. Wengine hawarudi tena kliniki.

Chukua mfano wa binti wa miaka 24 wa Sirari. Amevimba miguu na uso kwa mwezi mzima, mkojo wake una povu jingi, na kipimo cha mkojo kinaonyesha protini alama tatu. Ultrasaundi inasema figo zina ukubwa wa kawaida. Hapo ndipo daktari anapokwama, kwa sababu ultrasaundi huonyesha umbo la figo, haionyeshi kinachoharibu vichujio vyake. Uvimbe wa namna hiyo unaweza kutokana na lupasi, homa ya ini B, virusi vya Ukimwi au magonjwa mengine ya vichujio vyenyewe. Mmoja hutibiwa kwa vidonge vya prednisoloni peke yake, mwingine huhitaji dawa nzito zaidi, na mwingine prednisoloni haumsaidii kitu ila kumpandishia sukari na kumdhoofisha mifupa. Kubahatisha kuna gharama.

Si kila mwenye figo anahitaji kipimo hiki. Mtoto mdogo aliyevimba kwa namna hiyo kwa kawaida huanzishiwa dawa kwanza. Na figo zilizokwisha kusinyaa huachwa, maana kuzichoma kunaongeza hatari ya damu na jibu halitabadilisha tiba.

Kipimo hufanywa penye wataalamu wa figo, kwa hiyo mgonjwa wa Mara hupewa rufaa nje ya wilaya. Kabla ya siku yenyewe, presha hupimwa na kushushwa, kwa kawaida chini ya 140/90, kwa sababu presha ya juu ndiyo inayosukuma damu itoke kwenye tundu la sindano. Hupimwa pia wingi wa damu, kundi lake, na uwezo wake wa kuganda. Aspirini mara nyingi husimamishwa wiki moja kabla, pamoja na diklofenak na ibuprofeni zinazonunuliwa dukani kwa ajili ya mgongo. Anayetumia aspirini au warfarini kwa ajili ya moyo asiache mwenyewe, amuulize daktari. Dawa za miti shamba nazo zitajwe bila aibu, na mimba vilevile.

Binti atalala kifudifudi, mto chini ya tumbo. Daktari atatafuta figo kwa ultrasaundi na kuchoma ganzi mgongoni. Ataambiwa abane pumzi kidogo, kwa sababu figo hupanda na kushuka mtu anapopumua. Atasikia mlio kama kidude kinachofyatuka. Kinachotoka ni kipande chembamba kama uzi, urefu wa sentimita 1 au 2, na kwa kawaida huchukuliwa viwili au vitatu. Kila figo ina vichujio karibu milioni moja. Kipande kizuri hubeba 10 hadi 20 hivi. Hakuna nyuzi za kushona, ni plasta tu.

Hatari halisi ni damu. Kati ya wagonjwa 100, watatu au wanne huona mkojo mwekundu, na karibu mmoja huhitaji kuongezewa damu. Figo kuondolewa kwa sababu ya kipimo hiki ni jambo la nadra sana, lakini daktari mwaminifu atalitaja kabla ya mgonjwa kusaini.

Baada ya hapo binti hulala chali kwa saa 6 hivi. Nesi atampima presha na mapigo mara kwa mara, na mkojo wake utawekwa kwenye vikopo ili rangi ilinganishwe: unaoanza na wekundu hafifu kisha ukasafika hauna shida. Damu nyingine hujitokeza baada ya saa 8, ndiyo maana ni vizuri alale hospitali. Hata akiruhusiwa mapema, kupanda basi la Sirari jioni hiyohiyo ni kosa. Alale kwa ndugu karibu na hospitali.

Akifika nyumbani, wiki mbili asibebe ndoo, asilime, asipasue kuni, na bodaboda ya njia ya makorongo aiache. Hili aambiwe mama mkwe pia, kwa maana kidonda chenyewe hakionekani na binti ataonekana mvivu. Mkojo ukiwa mwekundu kama damu au ukatoka mabonge, ukiziba, ubavu ukizidi kuuma, au akisikia kizunguzungu na jasho baridi, aende hospitali ya karibu saa hiyohiyo na aseme amechomwa sindano ya figo.

Jibu huchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa. Aulize mapema litafuatwa wapi, na aache namba ya simu inayopatikana.