Kontra imekwisha, lakini jina lao lingali ukutani kwetu



Safari hii sitaandika juu ya viwavi wala juu ya mbolea. Nitaandika juu ya rangi ya ukuta. Tangu mwaka jana nimeulizwa mara nyingi, hapa Nyakabere na fasi zingine za plene ya Ruzizi, kama koperative inaweza kuendelea kutumia jina la kampuni ya mbegu kisha kontra yao kuisha. Watu wengi wananijibu kabla sijafungua kinywa: "Rangi tulinunua sisi, ukuta ni wetu, kama hawataki jina lao likae hapo, waje walifute wao." Mimi sikubali, na nitaeleza kwa nini, juu ya jambo lililopata koperative moja ya huku kwetu. Sitaitaja jina, na kampuni pia sitaitaja.

Koperative hiyo ilikuwa na butike ya pembejeo. Kampuni iliwapa ruhusa ya kuuza mbegu zake kwa marke yake: plake juu ya mlango, ukuta wa mbele kupakwa rangi zao, resi zenye alama yao, na mifuko ya mahindi ya kilo 2. Kontra ilikuwa ya miaka mitatu, na kila upande uliweza kuivunja kwa barua, miezi mitatu mbele. Barua ya kampuni ilifika tarehe 4 Julai. Basi mwisho ulikuwa tarehe 4 Oktoba.

Angalieni tarehe hiyo vizuri. Mwanzo wa Oktoba ndipo watu wanangojea mvua wapande sezoni A. Aliyehesabu miezi mitatu ofisini hakufikiri shamba, na sisi tuliosaini hatukufikiri vilevile. Kontra ya mbegu inapaswa kuisha wakati mbegu imekwisha kutoka butike na mavuno yameanza kuonekana, kama Juni au Julai, si wakati mtu ameshika jembe. Hii ingeandikwa kwa mstari mmoja siku ya kwanza.

Sasa mahesabu. Koperative ilikuwa imechukua mali kwa deni, na deni lililobaki lilikuwa dolari 610. Kampuni nayo ilikuwa imeshika garanti ya dolari 300 ya koperative, na komisio ya dolari 85 ambayo haijalipwa. Ndani ya stoku kulikuwa mifuko 140, bei ya kuchukulia dolari 4 kwa mfuko, maana yake dolari 560. Kama kampuni inarudisha stoku, inapaswa kulipa 300 na 85 na 560, jumla 945. Ukitoa deni la 610, koperative inapata dolari 335. Kama kampuni hairudishi stoku, kunabaki 385 tu mbele ya deni la 610, na ni koperative inayolipa dolari 225. Karatasi ni ile moja, watu ni wale wale, lakini kati ya jibu la kwanza na la pili kuna dolari 560. Na kontra ilinyamaza kabisa juu ya stoku.

Walikaa siku mbili. Mama prezida alikataa kusaini kitu chochote kabla ya kufungua stoku na kuhesabu mfuko kwa mfuko, jeran wa kampuni akiwa amesimama pale. Nampongeza kwa hilo, kwani kuhesabu peke yako hakukusaidii kitu siku ya ugomvi. Walipata mifuko 90 iliyofungwa vizuri, yenye tarehe ndefu; kampuni ikaichukua kwa dolari 360. Hamsini zilizobaki tarehe yake ilikuwa inakaribia, na joto la plene yetu linajulikana: mbegu iliyolala chini ya bati miezi mingi inapoteza nguvu ya kuota hata kama mfuko unang'aa. Hizo 50 kampuni iliruhusu ziuzwe kwa jina lake siku 60 tu, kisha basi. Hesabu ya mwisho: 300, 85 na 360 ni 745, ukitoa 610, kampuni ikalipa dolari 135.

Kulikuwa deni lingine ambalo halikuandikwa katika hesabu hiyo. Wanamemba 23 walikuwa wamelipa avansi, kila mmoja dolari 10 kwa mifuko miwili, na mikononi wameshika resi yenye alama ya kampuni. Kampuni ilisema: pesa hatukuiona. Ni kweli, ilibaki katika kesi ya koperative. Wengine katika komite walitaka wanamemba wale waende kudai kwa kampuni, kwa sababu ya alama iliyo juu ya resi. Mimi nilikuwa pale, na nilisema wazi: aliyepokea pesa ndiye mwenye deni. Mwanamemba alimpa pesa mtu wa koperative, mezani pa koperative. Kwa bahati, 23 mara mbili ni 46, na mifuko ilikuwa 50. Wote walipewa mbegu zao kabla ya siku 60 kuisha, na mifuko minne ikabaki kwa kujaribia.

Mpaka hapo walifanya vizuri kuliko wengi. Walikosea kwa ukuta.

Plake haikuteremshwa. Ukuta ulibaki na rangi na jina kubwa linaloonekana toka barabarani. Sababu ilikuwa ya kawaida: ndoo ya rangi nyeupe ni pesa, na rangi kali hukata mara moja ya kupaka, lazima mara mbili au tatu. Komite ikasema tutafanya kisha mavuno. Mifuko mitupu pia ilibaki, rundo zima nyuma ya butike, na watoto walikuwa wanaichukua kama mfuko wowote.

Sezoni B ilipokaribia, mfanyabiashara mmoja aliomba kukodi baraza la butike. Alipanga mahindi yake chini ya jina lile, ndani ya mifuko ile ile, iliyoshonwa upya kwa uzi. Hakusema uongo kwa kinywa. Ukuta ulisema kwa niaba yake. Watu walinunua kwa bei ya mbegu. Walipokuja kulia kwangu nilichukua kilichobaki katika mfuko mmoja, nikahesabu punje 100, nikazipanda kwa mistari ndani ya mchanga wenye majimaji. Kisha siku saba zilikuwa zimeota 41. Mbegu nzuri ya mahindi inapaswa kuota 90 juu ya 100, ama zaidi. Yale yalikuwa mahindi ya kula.

Unaweza kutambua mfuko wa namna hiyo kabla ya kununua. Angalia mshono: wa kiwanda unakwenda sawa toka mwanzo mpaka mwisho, wa mkono unapinda na mara nyingi kuna matundu ya uzi wa kwanza. Tafuta etiketi yenye namba ya loti. Kama etiketi haipo, ama inaonyesha sezoni iliyopita, usitoe pesa. Mbegu nyingi zilizotibiwa dawa zina rangi nyekundu ama ya buluu, lakini usitegemee rangi peke yake, hata rangi inatiwa na waongo.

Kampuni iliandikia koperative barua kali: mnatumia marke yetu bila ruhusa. Komite ikajibu kwamba muuzaji si mtu wao. Hapa ndipo nasimama upande wa kampuni, hata kama ni wao waliovunja kontra wakati mbaya. Marke si mali ya mwenye ukuta. Congo ina sheria ya Januari 7, 1982 juu ya mali ya viwanda, na marke zimo ndani yake. Tulipewa ruhusa ya kuitumia kwa muda, na muda umepita. Lakini zaidi ya sheria, mwanamemba aliyenunua aliamini butike yake. Yeye hakusoma kontra. Alisoma ukuta. Kosa la kuuza ni la yule mfanyabiashara, na lile la kumwachia jina ni letu.

Wenye kufikiri mambo haya ni ya watu wadogo tu, waangalie bia. Mwaka 2002 East African Breweries ya Kenya na SABMiller walipatana: Castle itengenezwe Kenya na mwenzake, Tusker itengenezwe Tanzania na Tanzania Breweries. East African Breweries wakapata hisa 20 kwa 100 za Tanzania Breweries, na SABMiller wakapata 20 kwa 100 za Kenya Breweries. Urafiki ulipoharibika, East African Breweries walinunua mwaka 2010 sehemu kubwa ya Serengeti Breweries, wapate njia yao wenyewe Tanzania. Hata hivyo zile hisa ziliachana mwisho wa 2011 tu. Kuachana kwa jina na kuachana kwa pesa havikufanyika siku moja hata kwao, wenye mawakili wengi.

Kwetu vilevile tarehe ya mwisho wa kontra haifuti yote. Mbegu iliyouzwa mbele ya tarehe 4 Oktoba, ikikataa kuota, mwanamemba bado ana haki ya kulalamika, na koperative ina haki ya kumgeukia aliyeileta. Kwa hiyo dafutari ya mauzo yenye namba za loti isichomwe siku ya kufunga hesabu. Mimi naomba ihifadhiwe sezoni mbili, pamoja na konzi chache za kila loti ndani ya chombo kikavu chenye jina na tarehe. Bila vitu hivyo, lalamiko ni maneno tu.

Kuna mstari mmoja ambao ningekataa kusaini, na niliuona katika kontra hiyo hiyo: koperative isiuze mbegu ya kampuni nyingine miaka miwili kisha mwisho. Kampuni kulinda jina lake ni haki. Kuzuia wanamemba wasipate mbegu sezoni nne, hapana. Komite iliomba ufutwe wakati wa kufunga hesabu, na kampuni ikaufuta bila ugomvi, ishara kwamba waliuweka kwa kujaribu tu.

Kwa koperative ambazo kontra zao zinaisha mwaka huu, napendekeza maneno haya yaongezwe na kusomwa mbele ya asamble jenerale kabla ya prezida kusaini: "Kontra inaisha kisha mavuno, si wakati wa kupanda. Stoku inahesabiwa na pande mbili pamoja. Mifuko iliyofungwa na yenye tarehe nzuri inarudishwa kwa bei iliyochukuliwa. Iliyobaki inauzwa siku 60. Plake na rangi vinaondolewa ndani ya siku 15, na gharama inatoka upande uliovunja kontra. Garanti inalipwa siku plake inateremshwa."

Mstari huo wa mwisho unafanya pande zote mbili ziwe na haraka. Na mifuko mitupu msingojee kontra: ikateni vipande leo. Chupa za dawa suuzeni mara tatu, mmimine maji hayo ndani ya pompi, kisha mzitoboe chini.