Kuhesabu neno pekee hakutoshi

Ndugu mwandishi, hesabu yako ya mara ngapi mabadiliko ya tabianchi yametajwa kwenye runinga ina tundu. Mradi wa GDELT huko Marekani hutafuta neno katika manukuu yanayopita kwenye skrini kwa ajili ya viziwi, ukiyakata matangazo vipande vya sekunde 15, kisha hutoa asilimia ya vipande vyenye neno hilo. Hapo walau stesheni inayotangaza habari kutwa kucha haiipiti nyingine kwa wingi wa saa tu.

Sasa chukua mafuriko ya Kenya ya Aprili 2024. Tuseme taarifa ya saa moja usiku imekaa Mai Mahiu dakika nane: waliokufa, barabara iliyokatika, waziri na buti zake (huyo hakosi). Tabianchi haikutajwa. Ukitafuta neno, unapata sifuri. Ukihesabu kila habari ya mvua, jedwali linafurika nalo. Kwa hiyo kanuni iandikwe kabla ya kusikiliza. Mimi ningehesabu habari pale tu mtangazaji, ripota au mhojiwa anapoeleza chanzo cha mafuriko, nikaandika sekunde ngapi, imesomwa ya ngapi, na nani kasema. Halafu watu wawili wasikilize rekodi zilezile bila kuoneshana majibu. Wakipishana sana, kanuni ndiyo legevu, si masikio yao.

Tafadhali tuwekee hapa kanuni uliyotumia, na orodha ya taarifa ulizozisikiliza.