Wodi mpya, wauguzi wale wale

Kila bajeti ya kaunti ikisomwa twapigia makofi wodi mpya. Mimi huuliza: wauguzi je, wamehesabiwa?

Tuseme wodi ya uzazi yapokea akina mama 1,200 kwa mwaka, na kila mmoja ahitaji saa 8 za muuguzi. Hizo ni saa 9,600. Muuguzi, ukitoa likizo, sikukuu na siku za ugonjwa, hubakiwa na kama saa 1,600 za kazi. Basi watakiwa 6, na 6 wapo.

Lakini mwakani 2 watatimiza miaka 60 na kustaafu. Upanuzi nao ukileta akina mama 400 zaidi, watahitajika 8. Watakaobaki ni 4, kwa hivyo tuajiri 4. Tukiziba mapengo ya wastaafu pekee, vitanda vipya havitakuwa na mhudumu.