Waambie wateja saa zako za kazi kabla hawajakuamsha usiku

Saa tano na nusu usiku simu inalia: “Uko?” Dakika mbili baadaye, “Naona uko onlaini.” Ukijibu, umefungua duka. Usipojibu, asubuhi unaitwa mtu wa maringo. Kijana anayepiga hasla kwa simu na laptopu anaijua hiyo presha.

Maoni yangu ni kwamba kosa si la mteja. Mteja hajui saa zako kwa sababu hujawahi kumwambia. Duka la nguo pale Kanyakine lina mlango, likifungwa kila mtu anaona. Wewe mlango wako ni WhatsApp, na hauna kufuli. Ni lazima uuandikie.

Tuseme unatengeneza vijitabu vya mazishi, kadi za harusi na posta kwa kompyuta hapa Kanyakine. Familia imefiwa na mazishi ni Ijumaa. Kamati ya mazishi hukutana jioni watu wakitoka kazini na shambani, na mara nyingi hukaa hadi usiku. Mkutano ukiisha, binti aliyeko Nairobi anakutumia picha kumi na mbili na wasifu wa marehemu. Kwake huo ndio wakati wa kwanza aliopata, wala hana nia ya kukusumbua.

Kwa hivyo usimwambie mtu asitume usiku. Atume akitaka. Unachomwambia ni lini utajibu. Hapo ndipo wengi wetu hukosea: tunaandika “Nafungua 8 hadi 6” kisha tunadhani tumemaliza. Saa za kazi ni jambo moja, muda wa kujibu ni lingine, na muda wa kumaliza kazi ni la tatu. Usipoyatenganisha, mteja atadhani ukisema “nimepata” saa tatu asubuhi, kijitabu kitakuwa tayari saa sita mchana.

Tangazo linaweza kuwa fupi hivi:

“Habari na karibu. Nafanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni (8:00–18:00). Mchana najibu ndani ya masaa mawili. Ujumbe wa usiku tuma tu, nitaujibu kabla ya saa nne asubuhi (10:00). Kijitabu huchukua siku mbili baada ya kupata picha na maandishi yote. Kazi ya dharura: piga simu, usitume ujumbe.”

Angalia saa zilivyoandikwa. Sisi Wakenya tunachanganya saa za Kiswahili na za Kiingereza katika sentensi moja. Ukiandika “saa 8” tu, mmoja atasoma asubuhi na mwingine atasoma mchana. Andika kwa maneno, useme ni asubuhi au jioni, kisha uweke tarakimu kando. Na “ndani ya saa mbili” inaweza kusomwa kama kabla ya saa mbili. Walimu wa Kiswahili watanikunjia uso, lakini hapa “masaa mawili” ya mtaani yanaeleweka haraka zaidi.

Sasa kuliweka. WhatsApp Business ni ya bure na ina sehemu ya saa za kazi kwenye wasifu wako. Ndani ya `Business tools` kuna `Away message`. Bandika tangazo lako pale, kisha chagua `Outside of business hours` ili liende lenyewe ukishafunga. Yule binti wa Nairobi atajua mara moja kwamba picha zimefika, na mara nyingi hilo ndilo tu alilotaka kujua kabla ya kulala.

Kuna mtego, lakini. Ujumbe huo hutoka tu simu yako ikiwa na intaneti. Ukizima data usiku kuokoa bando, hauendi. Mteja anaona alama moja ya kijivu na kimya. Ndiyo maana tangazo hilo hilo litumwe pia kwa kila mteja mpya siku mnapokubaliana bei, kabla hajatuma pesa. Hapo amelisoma akiwa ametulia, na siku ya presha halitamshtua.

Mtego wa pili ni ile “onlaini.” Ukiwa unaangalia stetasi za marafiki saa nne usiku, mteja anakuona. Nenda `Privacy`, kisha `Last seen and online`, ufiche. Si ulaghai. Hata fundi viatu akila chakula cha jioni hamwachi mteja achungulie dirishani.

Kwa wenye wateja ng’ambo, hesabu ni nyingine. Mteja wa New York akikuandikia saa tisa alasiri yake mwezi Julai, hapa ni saa nne usiku. Mwezi Januari, saa hiyo hiyo yake ni saa tano usiku wetu, kwa sababu Wamarekani husogeza saa zao Machi na Novemba ilhali zetu hazisogei. Mwandikie saa zako kwa majira ya Nairobi (`UTC+3`) na pia kwa majira yake, na Novemba ikifika umtumie upya. Ukitaka kumwachia dirisha moja, saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili jioni yetu ni asubuhi kwake mwaka mzima.

Najua utaniambia, “Nisipojibu usiku, ataenda kwa mwingine.” Wengine wataenda, kweli. Lakini tangazo lina nafasi ya dharura, na dharura iwe na bei. Sema mapema kwamba kazi ya usiku inaongezwa nusu ya malipo. Utashangaa ni “dharura” ngapi zitangoja asubuhi. Na kama una saiba, usijifanye hujui Juni 30 ndiyo siku ya mwisho ya watu kuwasilisha ritani za KRA. Tangaza wiki moja kabla kwamba siku hizo utafunga saa nne usiku, kisha Julai urudi kwa saa zako.

Usingoje sheria ikusaidie pia. Ufaransa iliweka haki ya mfanyakazi kutojibu nje ya saa za kazi tangu Januari 2017. Hapa Kenya, Seneta wa Nandi Samson Cherargei alileta mswada kama huo mwaka 2022. Lakini hiyo ni habari ya mwajiri na mwajiriwa. Wewe unayelipwa kwa M-Pesa kazi kwa kazi huna mwajiri wa kushtaki. Sheria yako ni lile tangazo lako.

Na sheria hiyo huvunjwa na mwenyewe. Ukimjibu mteja mara moja tu saa sita usiku, hata kwa “sawa” na kidole gumba, umemwonyesha saa zako halisi, na yale uliyoandika hatayaamini tena. Ukiwa macho na jibu liko kichwani, liandike, uliache bila kutuma, ulitume saa mbili asubuhi. Na hiyo saa nne uliyoahidi ikipita bila jibu, mteja ana haki ya kukupigia usiku unaofuata.