Wito kwa Watu wa Buraza, Gitega na Muyinga: Tuwafundishe Vijana Kuyapokea Matusi ya Njiani

Enyi ndugu zetu wa Buraza, wa Gitega mjini na wa Muyinga, nyinyi mnaofundisha Kiswahili shuleni na nyinyi mnaosomesha watoto madrasani, twakuleteeni ombi moja: kila darasa liwe na mazungumzo mafupi ambayo mwanafunzi atayasema hali amesimama, tena na tena, mpaka ulimi na viungo vyake viyazoee, ili siku atakapotukanwa njiani na mtu asiyemjua asianze kutafuta la kusema ilhali ghadhabu imekwisha kumpanda.

Nchi yetu inayo mazoea ya kufundishana kwa maneno ya watu wawili wakisikilizwa na wengine. Tangu 1997, katika miaka ya vita, watu walikusanyika redioni kusikiliza «Umubanyi niwe Muryango», mchezo wa Marie-Louise Sibazuri uliotolewa na Studio Ijambo, uliohusu majirani Wahutu na Watutsi. Nasi twaomba jambo dogo kuliko hilo, lenye kauli saba tu. Kijana asukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi kwenda sokoni, na mkungu mmoja wamgusa mpita njia na kumchafua koti.

MGENI: Mpumbavu we! Huoni? Nyinyi watu wa mtaa ule hamna adabu!

KIJANA: Niwie radhi, mzee wangu. Ndizi zimekugusa.

MGENI: Radhi ya nini! Mtoto usiye na malezi!

KIJANA: Nimekusikia. Nitakuombea maji pale dukani, uifute nguo.

MGENI: Sitaki maji yako! Njoo hapa!

KIJANA: Basi, mzee, naenda zangu. Salama.

MWENYE DUKA: Mwanangu, pita huku kwangu. Nawe mzee, karibu kivulini, unieleze yaliyokupata.

Mwalimu awaonyeshe wanafunzi kwamba kijana amekiri lile lililotokea tu, yaani ndizi kumgusa mtu, na hakujibu neno lolote juu ya mtaa wake wala malezi yake, kwa kuwa hapo ndipo mtego ulipo, na atakayeanza kuwatetea wazazi wake mbele ya mtu aliyekasirika atakuwa amemkabidhi mtu huyo usukani wa mazungumzo yote. Maji ameyataja mara moja, hakurudia, maana msaada unaorudiwa mbele ya mwenye hasira aghalabu huonekana kuwa ni dhihaka. Na alipoambiwa «Njoo hapa», hakusogea, bali aliaga.

Kabla ya kauli yake ya kwanza, kijana avute pumzi kwa pua, kisha aitoe polepole, kwa muda mrefu kuliko alioutumia kuivuta. Mtu akitukanwa, moyo huenda mbio, pumzi hupanda kifuani na sauti hupaa, na ule utoaji mrefu wa pumzi huirudisha sauti chini. Mikono ibaki kwenye usukani, ionekane. Baiskeli ikae baina yao. Mwili usimame kwa upande kidogo, wala si uso kwa uso. Na asitabasamu, kwani tabasamu wakati huo hudhaniwa kuwa ni dharau. Dalili ya funzo lililokosewa ni taya lililokazwa, au «mzee wangu» inayovutwa kwa kejeli, nayo husikika mara moja hata maneno yakiwa ni yale yale: basi kauli hiyo irudiwe tangu pumzi. Na matusi ya darasani yabaki haya mepesi, yasiguse kabila wala dini wala kilema cha mtoto yeyote aliyepo.

Lakini kauli ya saba ni yetu sisi watu wazima, na hapa ndipo tulipolegea. Tunapokusanyika na kuwazunguka wanaogombana, kila mmoja wa wale wawili huona haya kurudi nyuma mbele ya macho yetu, na ugomvi ambao ungalikwisha huendelea kwa ajili ya watazamaji. Watosha watu wawili, mmoja amwite kijana, mwingine amketishe mtukanaji na kumsikiliza mpaka mwisho, kama bashingantahe wetu wanavyomsikiliza kila mmoja kabla ya kusema neno, na waliosalia waendelee na safari zao.

Iwapo mtukanaji atamfuata kijana, au atainama kuokota jiwe, au atashika panga, mazungumzo yamekwisha: kijana aiache baiskeli na ndizi zake, akimbilie penye watu wengi, kisha polisi na mkuu wa mtaa wapewe habari. Kwa hiyo twawaomba wenye maduka walioko kwenye njia ya soko wakubaliane tangu sasa, duka kwa duka, ni nani atakayemwita kijana na ni nani atakayemkaribisha mgeni kivulini.